Kuhifadhi mradi wa Blender ili ufunguke tena baada ya miaka mitano

Swali: Habari za kazi, kaka. Nimemaliza katuni ya dakika mbili niliyoitengeneza kwa Blender, na mteja ameshalipa. Amesema huenda baada ya miaka mitano akataka maandishi yawe ya Kifaransa. Nina faili la .blend na video ya MP4 kwenye fleshi. Inatosha?

Jibu: Nzuri, mdogo wangu. Haitoshi. Faili la .blend mara nyingi halibebi picha, sauti wala fonti ndani yake. Linakumbuka tu zilikokaa kwenye diski yako. Mwaka 2018 nilitengeneza tangazo la sekunde 30 kwa Blender 2.79, na mteja aliporudi miaka minne baadaye kubadilisha namba ya simu, nyuso za wahusika zilifunguka zikiwa na rangi ya waridi iliyokolea. Hiyo ndiyo alama ya Blender ya picha iliyokosekana. Fonti nayo haikuwepo, kwa hiyo namba ya simu ilikaa kwa herufi nyingine na kumwagika nje ya kisanduku chake.

Kwa hiyo anza kwa kukusanya. Hifadhi nakala ya faili kwenye folda mpya, kisha nenda File > External Data > Pack Resources, uhifadhi tena. Sasa picha, sauti na fonti zimeingia ndani ya .blend. Nakala hiyo iache ilivyo. Tengeneza ya pili kwenye folda nyingine, uchague Unpack Resources na kuiambia iandike mafaili kwenye folda ile ile. Blender itazipanga picha, fonti na sauti kando ya .blend. Nafanya yote mawili kwa sababu faili moja likiharibika, lile lililobeba kila kitu linazama na kila kitu.

Angalia kitu kimoja hapa: Pack haibebi video, mfuatano wa picha, wala kumbukumbu za moshi na maji zilizokokotolewa. Hizo zinakili kwa mkono wako. Halafu bonyeza Report Missing Files uone kama kuna kilichosahaulika.

Kuhusu fonti, weka faili lenyewe pamoja na leseni yake, usiandike jina tu. Jina moja linaweza kuwa na matoleo mawili yenye upana tofauti wa herufi, na mistari ikahama bila onyo lolote. Kwa kazi yako ya Kifaransa, hakikisha mapema kwamba fonti ina é, ç na œ. Maandishi yabaki yakiwa maandishi; ukiyageuza kuwa umbo, hutaweza kuyahariri.

Kisha hifadhi programu yenyewe. Tangazo langu lilitumia injini ya zamani ya kurenda, ambayo iliondolewa kwenye 2.80 mwaka 2019, kwa hiyo hata picha zingekuwepo zote, mwanga na rangi visingelingana. Kilichoniokoa ni kwamba matoleo ya zamani bado yanapatikana download.blender.org/release. Wewe usitegemee bahati hiyo: pakua zipu ya toleo ulilotumia na nyongeza zake, uviweke humo humo.

MP4 ni ya kutazama tu. Weka fremu za PNG. Dakika mbili kwa fremu 25 kwa sekunde ni fremu 3,000, na zikiwa na MB 3 kila moja unapata GB 9. Siku hiyo ya Kifaransa utarenda zile zenye maandishi tu, nyingine utazichukua hapo bila kuzibana upya.

Maelezo andika kwenye faili la .txt: toleo la Blender, kasi ya fremu, ukubwa wa picha, fremu zenye maandishi, na mambo ya ajabu uliyoyafanya usiku wa manane ambayo hakuna atakayeyakisia, hata wewe.

Sasa jaribu. Peleka folda kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuona mradi huu, ufungue kwa ile Blender ya kwenye zipu, urende fremu moja yenye maandishi:

```
blender -b katuni.blend -o //jaribio_#### -f 240
```

Hiyo `-o` lazima itangulie `-f`, maana Blender inatii amri kwa mpangilio. Ukiiacha, fremu itaandikwa kule faili linakoelekeza na inaweza kufuta PNG yako nzuri. Weka picha mpya juu ya fremu ya 240 ya zamani, uzilinganishe. Herufi ikihama au rangi ikibadilika, kuna kitu umekiacha kwenye kompyuta yako.

Jaribio likipita, nakili kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti. Fleshi hiyo itumie kumpelekea mteja video.