Mbao, chuma au aluminiamu? Maswali yenu ya madirisha na milango

Habari fundi. Nyumba yangu ya Kigamboni imefika linta, na bahari iko kama mita 600 tu. Nina madirisha 6 ya futi 5 kwa 5. Kwa kila moja nimeambiwa mninga na vioo sh. 350,000, chuma na vioo sh. 230,000, aluminiamu sh. 260,000. Nichukue ipi?

Rudi kwanza kwa mafundi wote watatu uwaulize kama grili imo. Dirisha la chuma kwa kawaida huja na grili imechomelewa kwenye fremu yake. La aluminiamu na la mbao huuzwa bila grili, kisha unampa fundi mwingine kazi hiyo wakati mfuko umeshaisha. Tukiweka grili ya sh. 130,000, dirisha la aluminiamu linafika 390,000 na la mninga 480,000, huku chuma kikibaki pale pale 230,000. Kwa madirisha yote 6, chuma ni 1,380,000, aluminiamu 2,340,000 na mninga 2,880,000. Ile tofauti ya elfu 30 uliyoiona kati ya chuma na aluminiamu imekuwa elfu 160 kwa kila dirisha.

Sasa tuyatunze madirisha hayo kwa miaka 20. Makadirio ni yangu, nawe weka bei za mafundi wa kwako.

Chuma cha karibu na bahari kinataka kukwanguliwa na kupakwa rangi kila baada ya miaka 3 hivi. Hiyo ni mara 6, na kwa sh. 25,000 kwa dirisha unapata 900,000 kwa nyumba nzima. Aluminiamu yenyewe haipakwi rangi, ila magurudumu, mipira ya kioo, vitasa na nyavu huchoka. Nakadiria utavibadilisha mara 2, kila mara sh. 30,000 kwa dirisha, na grili utaipaka rangi mara 6 kwa sh. 10,000. Jumla ni 720,000. Mninga unataka msasa mwepesi na vanishi ya nje kila miaka 2, mara 9 kwa sh. 15,000, na grili yake ile ile. Jumla ni 1,170,000.

Ukijumlisha na bei ya kununua, chuma kinafika 2,280,000, aluminiamu 3,060,000 na mninga 4,050,000. Kwa hesabu hiyo chuma kimeshinda, na ungekuwa unajenga Morogoro au Dodoma ningekwambia ukichukue bila kusita.

Lakini wewe uko mita 600 kutoka baharini. Upepo wa hapo unabeba chumvi, chumvi inavuta unyevu, na chuma kinabaki na majimaji hata siku ambayo mvua haijanyesha. Fremu na vipande vinavyofunguka vya madirisha mengi ya chuma ni bati jembamba lililokunjwa au bomba la mraba lenye uwazi ndani. Kutu huanzia mle ambako brashi haifiki: ndani ya bomba, kwenye bawaba, na kwenye mfereji wa kioo. Ukikuta kioo kimepasuka kona bila kupigwa, mara nyingi kutu imevimba nyuma yake ikakisukuma. Ukilazimika kubadilisha madirisha hayo mara moja tu ndani ya miaka 20, unaongeza 1,380,000 nyingine, na chuma kinafika 3,660,000. Hapo aluminiamu inakuwa nafuu kwa laki 6.

Kwa hiyo kwako ni aluminiamu. Grili yake iwe ya nondo au flatibaa nzima, isiwe ya bomba, kwa sababu chuma kizima hakina ndani pa kuozea. Ipakwe rangi pande zote ikiwa bado chini, maana ikishafungwa ukutani upande unaotazama kioo hautaufikia tena. Na mwambie fundi aache nafasi ya mkono kati ya grili na dirisha. Vikigusana, unyevu wa chumvi ukiwepo, aluminiamu ndiyo italiwa pale vilipogusana.

Fundi, niliambiwa aluminiamu haishiki kutu. Yangu hapa Tanga, karibu na ufukwe, ina vidoa vyeupe kama unga na chini ina mabaka ya kijivu. Nimeuziwa feki?

Si lazima iwe feki. Aluminiamu hujifunika yenyewe kwa utando mwembamba mgumu unaozuia hewa kuendelea kuila, ndiyo maana haimomonyoki kama chuma. Chumvi ndiyo inayotoboa utando huo kidogo kidogo na kuacha vishimo vyenye unga mweupe. Nyumba ya pwani ioshe madirisha kwa maji yasiyo na chumvi, sabuni laini na kitambaa angalau mara moja kwa mwezi. Osha zaidi zile sehemu ambazo mvua haizifikii, kwa mfano chini ya kibaraza, kwa sababu huko chumvi hujikusanya bila kusuuzwa. Usitumie stili waya wala tindikali ya kusafishia vigae, vyote viwili vinaondoa kinga.

Mabaka ya kijivu ya chini nayashuku kuwa ni saruji. Saruji mbichi ni kali kwa aluminiamu, na fundi wa plasta akiirusha kwenye fremu ikakaukia hapo, alama haitoki tena. Anayejenga sasa asifunge madirisha kabla ya plasta. Ikishindikana, fremu zifunikwe kwa utepe wa karatasi wenye gundi, na tone lolote lioshwe likiwa bado bichi.

Kagua na skrubu. Nenda na sumaku ndogo. Aluminiamu haivutwi na sumaku kabisa, na skrubu nyingi za chuma kisichoshika kutu zinavutwa kidogo tu au hazivutwi. Sumaku ikinata kwa nguvu, yaelekea umewekewa skrubu za chuma cha kawaida, hasa kama unga mweupe umezunguka vichwa vyake. Zibadilishe moja moja kabla mashimo hayajapanuka.

Tangu nibadilishe luva nikaweka aluminiamu ya kusukuma, chumba kina joto. Ni kweli aluminiamu inaleta joto?

Kosa haliko kwenye aluminiamu. Dirisha la kusukuma lenye vipande 2 hufunguka nusu tu, kwa kuwa kipande kimoja lazima kikae nyuma ya kingine. Luva zako zilikuwa zikiacha wazi karibu dirisha zima. Aluminiamu hiyo hiyo hutengenezwa pia dirisha la kufunguka kwa bawaba, ambalo linaachia nafasi yote. Ni ghali kidogo na linataka bawaba imara, lakini kwa chumba cha kulala cha Dar es Salaam mimi ningelipa tofauti hiyo.

Shikamoo fundi. Mlango wangu wa mbele ni wa mninga, niliununua Dodoma kwa bei kubwa. Kiangazi ulipasuka kwenye maungio, masika ukavimba hadi haufungi. Seremala anataka kuupiga randa. Nimruhusu?

Marahaba. Mzuie kwanza. Mbao hupanuka na kusinyaa kwa upana wake, si kwa urefu, kufuatana na unyevu wa hewa. Ukiuranda masika, kiangazi utabaki na ufa wa kupitisha panya. Ngoja mvua zikatike, wiki kadhaa zipite, ndipo uone ni wapi bado unakwama. Nafasi ya milimita 3 kila upande inatosha.

Mninga ni katika mbao zinazocheza kidogo sana, kwa hiyo mlango wa mninga unaofanya hivyo ama ulitengenezwa kwa mbao mbichi, ama hauna kinga mahali fulani. Chukua kioo kidogo ukiweke sakafuni utazame ukingo wa chini wa mlango, kisha panda kiti upapase ukingo wa juu. Milango mingi niliyokagua ilikuwa imepakwa vanishi mbele na nyuma, lakini juu na chini mbao ziko wazi. Huko ndiko nyuzi za mbao zilikokatwa, na huko ndiko maji yanakoingia kwa wingi. Ushushe mlango ukiwa mkavu, upake kingo hizo mara 3, kisha urudishe kwa bawaba 3, maana 2 ni chache kwa uzito wa mninga.

Anayenunua sasa aombe kipande kidogo kilichokatwa kwenye ubao ule ule. Kipime kwenye mizani ya duka, kiache mahali pakavu penye jua kwa wiki 2, ukipime tena. Kama kilikuwa gramu 500 na sasa ni 450, mbao hizo bado zina maji mengi na mlango utasinyaa ukiwa kwako. Angalia na rangi. Kiini cha mninga ni cha kahawia na mchwa hakipendi, lakini ule ukingo mweupe wa nje ya gogo mchwa wanaula kama ubao wowote. Mlango wenye mistari mipana myeupe hauna sifa unayoilipia. Yapo hayo hayo kwa mtiki uliovunwa ukiwa mchanga.

Nataka mlango wa chuma wa nyuma. Mmoja ananiambia geji 16, mwingine geji 20 kwa bei ya chini. Tofauti ni nini?

Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 16 ni kama milimita 1.5, geji 18 kama 1.2, na geji 20 haifiki milimita 1. Mlango wa nje usishuke chini ya geji 18. Pima mwenyewe kwa kalipa kwenye ukingo uliokatwa kabla haujapakwa rangi, kwa kuwa mkishamalizana na rangi ikakauka hutajua tena.

Unene hautakusaidia kama maji yanatuama. Mwambie fundi atoboe matundu 2 au 3 chini ya bomba la fremu ya mlango ili maji yatoke, na vigae visije vikaizika miguu ya fremu kwenye saruji yenye unyevu. Kila alipochomelea pasagwe, magamba yote ya kuchomelea yatoke, ipigwe redi oksaidi, kisha rangi ya mafuta mara 2. Kutu ikianza baadaye, kwangua hadi chuma king'ae. Rangi ikipakwa juu ya kutu itavimba kama lengelenge ndani ya msimu mmoja, na chini yake chuma kinaendelea kuliwa.

Na mlango wa bafu?

Aluminiamu. Chuma hutoka jasho la mvuke kila siku, na mbao huoza kuanzia chini. Ukitaka lazima mbao zifanane na milango mingine ya ndani, ukingo wa chini uwe sentimita 1 juu ya sakafu na upakwe rangi ya mafuta kabla mlango haujatundikwa. Paini inatosha kwa kazi hiyo, mninga uuhifadhi kwa mlango wa mbele.