Mtu mmoja, maski mbili: ninavyopanga leya ili picha iweze kurudiwa kutoka za asili

*"Wadau, nimeunganisha picha ya familia na kumweka kijana ambaye hakuwepo siku hiyo. Nilimkata kwa Eraser nikasevu. Sasa mteja ameleta picha nyingine ya kijana huyo anataka ndiyo itumike, na hata kwenye ile ya kwanza nimeona nilikula kipande cha sikio. Lazima nianze upya? Nyinyi hupangaje leya zenu?"*

Ndugu, kama picha ya asili ya kijana bado unayo, hutaanza upya. Ulichofuta kwa Eraser ukasevu hakimo tena ndani ya faili, na historia ya Photoshop hupotea pale unapofunga faili. Lakini ukingo uliokata kwa mkono wako bado upo, na unaweza kuokolewa. Nitafika hapo. Kwanza nikueleze ninavyopanga leya, kwa sababu sikio na picha mpya vina dawa moja.

Nina studio ndogo Kondele, hapa Kisumu. Desemba moja nilipiga familia ya watu 14 mbele ya mawe ya Kit Mikayi, kwenye barabara ya kwenda Bondo. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua linatoka kushoto, limeshuka kiasi, nyuso zina mwanga laini. Mtoto wa pili wa kiume yuko kazini Doha, akatuma picha ya simu. Mama mwenye nyumba alitaka asimame nyuma ya dada yake, bega lake la kulia lifichwe na kilemba cha dada. Nilimaliza, nikamwonyesha mama. Akaitazama muda mrefu, akasema, "Mwanangu, huyu amechoka. Huyu si mtoto wangu."

Alikuwa na haki. Picha ya Doha ilipigwa saa sita mchana, jua liko utosini, macho yamezama kwenye vivuli. Hakuna Curves itakayoondoa kivuli cha namna hiyo bila kuharibu ngozi. Siku tatu baadaye kijana akatuma nyingine, amesimama kando ya dirisha, mwanga unatoka kushoto. Kazi ya kumbadilisha ilinichukua kama dakika arobaini, na sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa nywele tu. Bega lililojificha nyuma ya kilemba, kivuli chake ardhini na nyasi nilizozirekebisha miguuni sikuvigusa kabisa.

Iliwezekana kwa sababu kijana alikuwa na maski mbili, na kila moja ilikuwa na kazi yake. Wengi wetu tunaweka maski moja kwenye leya ya mtu, halafu kwa brashi hiyohiyo tunafuta ukuta ulio nyuma yake na pia tunafuta bega ili kilemba cha mtu wa mbele kionekane. Mambo hayo mawili hayafanani. Ukingo wa mwili ni mali ya picha ya kijana: picha ikibadilika, ukingo hauna maana tena. Ukingo wa kilemba ni mali ya picha ya familia, nao haubadiliki hata ukileta vijana kumi. Ukivichanganya kwenye maski moja, siku ya kubadilisha mtu unatupa vyote viwili, na kilemba chenye nyuzi za lesi unakikata tena kuanzia mwanzo.

Mpangilio wangu ni huu. Picha ya familia iko chini kabisa, imefungwa kwa kufuli, haiguswi. Nikitaka kuondoa uchafu au nyasi iliyovunjika, nafungua leya tupu juu yake, nachukua Clone Stamp na kuweka Sample kwenye `Current & Below`, napaka kwenye hiyo leya tupu. Juu yake kuna leya ya kivuli cha kijana, iliyo kwenye `Multiply`, nimeichora kwa brashi nyeusi yenye Flow ndogo: nzito karibu na viatu, inafifia na kulainika kadiri inavyokwenda mbali. Halafu linakuja kundi, yaani group, ambalo nimeliita "Kijana". Ndani ya kundi kuna picha yake kama Smart Object yenye maski ya kumkata, na Curves iliyobanwa juu yake kwa Ctrl+Alt+G ili imguse yeye peke yake. Kundi lenyewe lina maski ya pili: hapo ndipo nilipopaka nyeusi kwa umbo la kilemba cha dada.

Picha ya kijana naiingiza kwa `File > Place Embedded`. Hapo inakuja tayari kama Smart Object, na pikseli zake zote zinabaki ndani hata nikimpunguza. Kwenye picha ya kwanza alikuwa na urefu wa pikseli 3,000 hivi, na pahali pake kwenye picha ya familia palihitaji 1,500, kwa hiyo nikamshusha hadi asilimia 50. Ingekuwa leya ya kawaida, ningebaki na robo tu ya pikseli zake, na kumrudisha mkubwa kungemfanya awe ukungu. Ukiwa na Smart Object, bonyeza Ctrl+T hata mwaka ujao: bado imeandikwa 50%, na unaweza kurudi 100% bila hasara. Ipo pia `Place Linked`, ambayo hufanya faili iwe nyepesi, lakini mimi nahamisha kazi kwa flashi kwenda kwa mchapishaji, na folda ikihama kiungo kinakatika. Kwa kazi za wateja nabaki na Embedded.

Siku ya kubadilisha nilifanya hivi. Nilibofya leya ya kijana kwa kitufe cha kulia, nikachagua `Replace Contents`, nikaleta picha ya dirishani. Usitegemee ije na ukubwa sahihi. Katika picha hii mpya alikuwa na urefu wa pikseli 2,400, kwa hiyo nikampandisha hadi asilimia 62.5 ili afike 1,500 ileile. Kipimo changu kilikuwa kaka yake aliye kando, kwa kuwa mama alisema wanalingana kimo. Nikafuta maski ya kumkata ya zamani, nikatengeneza mpya kwa `Select and Mask`, Output ikiwa `Layer Mask`. Curves niliifungua na kuipunguza, maana picha hii haikuwa na giza kama ile. Kilemba kilikuwa tayari kimekaa mbele ya bega.

Hapo kwenye `Select and Mask` kuna kitu cha kuangalia. Kile kisanduku cha `Decontaminate Colors` kinavutia kwa sababu kinaondoa rangi ya ukuta iliyoganda kwenye nywele. Lakini kinafanya hivyo kwa kubadilisha pikseli zenyewe, na ndiyo maana kikiwashwa kinakulazimisha kutoa leya mpya badala ya maski. Ukikubali, umeshaachana na picha ya asili. Ukuta wa kijana ulikuwa wa krimu, na nywele zikabaki na utepe mwembamba wa rangi hiyo. Nilifungua leya tupu, nikaibana juu ya kijana, nikaiweka kwenye `Color`, nikachota rangi ya nywele zake mwenyewe na kupaka ukingoni kwa brashi laini. Pale ambapo utepe ulikuwa mweupe mno, `Color` haikutosha kwa sababu haibadilishi mwangaza, nikaongeza kidogo leya nyingine ya `Multiply`.

Maski huficha makosa yake. Jambo hili limeniumiza zaidi ya jingine lolote. Niliwahi kuchapisha picha ya harusi ya inchi 18 kwa 12, na kwenye shati jeupe la bwana harusi kukatokea doa kama moshi. Kwenye skrini sikuliona. Maski ilikuwa na kijivu kidogo kifuani, na kijivu maana yake ni kwamba picha ya chini inapenya. Tangu siku hiyo nafanya mambo mawili kabla ya kumwonyesha mteja. Nashikilia Alt na kubofya kijipicha cha maski, ili niione maski peke yake: mwili wote lazima uwe mweupe kabisa, na kijivu kibaki kwenye nywele na ukingo tu. Kisha naweka chini ya mtu leya ya `Solid Color` nyekundu kali. Shimo la kwapani ulilosahau, sikio lililoliwa, doa la kifuani, vyote vinajitokeza hapo hapo. Nikimaliza naifuta hiyo nyekundu.

Ukiona Photoshop inakuuliza kama unataka ku-rasterize Smart Object, kataa. Karibu kila mara maana yake ni kwamba umebofya kijipicha cha picha badala ya kijipicha cha maski. Angalia fremu ndogo iko wapi kati ya hivyo viwili, bofya cha maski, endelea kupaka.

Wenye kutumia GIMP, maski mbili zinawezekana vilevile, kwa sababu kundi la leya linaweza kubeba maski yake. Ila kabla ya kumpunguza mtu, nakili leya yake, uifiche na uiache na ukubwa wake wa asili, halafu ufanye kazi kwenye nakala. Na menyu ya `Apply Layer Mask` iache kabisa.

Sasa sikio lako. Fungua faili ulilosevu likiwa bado na leya, lete picha ya asili ya kijana kwa Place Embedded, uiweke juu ya leya uliyoifuta kwa Eraser. Badilisha hali yake iwe `Difference`. Sasa isogeze na kuipima kwa Ctrl+T hadi uso wake ugeuke mweusi: weusi maana yake picha mbili zimelaliana pikseli kwa pikseli. Ukiona mistari ya kung'aa kwenye macho na kola, bado haijakaa, sogeza kwa vishale vya kibodi. Kama ulikuwa umebadilisha rangi za leya ya zamani haitakuwa nyeusi kabisa, basi fuata mistari tu hadi itoweke. Ikikaa, rudisha hali iwe `Normal`. Shikilia Ctrl ubofye kijipicha cha leya ya zamani. Ukingo wote uliokata utageuka uteuzi. Chagua leya mpya, bofya kitufe cha kuongeza maski. Kazi yako ya mkono imehamia kwenye picha nzima. Chukua brashi nyeupe, paka pale sikioni, na kipande ulichokula kitarudi.

Kama ulisevu JPEG peke yake, leya hazipo na njia hii haitafanya kazi. Hapo itabidi umkate upya kutoka picha ya asili. Na kwa kuwa mteja ameshaleta picha mpya, mkate kwenye hiyo moja kwa moja, lakini kabla hujagusa ukingo wa mwili wake, tengeneza kundi na maski ya watu walio mbele yake kwanza.