Zamu kwa mtoto wa miaka miwili

«Mwanangu ana miaka miwili, binamu yake akigusa gari lake, hulia na kumsukuma. Nimfunze vipi kugawana?»

Dada, katika umri huo neno «langu» ndiyo kwanza analijua, na kitu kikitoka mkononi mwake haamini kwamba kitarudi. Kwa hiyo usianze na gari analolipenda. Lifiche kabla ya wageni kubisha hodi.

Hapa Lamu nilianza na mjukuu wangu kwa mpira, tukiketi barazani miguu wazi, nami nikisema «zamu yako» kila nilipomviringishia na «zamu yangu» kila alipourudisha, kwa kuwa mpira hurudi baada ya sekunde chache tu. Siku kadhaa baadaye tulimwongeza binamu yake, kisha tukahamia kwenye ndoo moja ya mchanga, kila mmoja akitia vikombe viwili na kumpa mwenzake. Vikombe vitano vilituletea vilio, maana subira yao haifiki huko.

Akinyakua, mzuie kwa upole na umwambie, «Bado anacheza, kisha wewe», wala usimpokonye, kwani atajifunza kupokonya. Akiwa na njaa au usingizi, ahirisha. Utaona dalili kwamba ameanza kuelewa zamu atakaponyoosha mkono na kukutazama badala ya kuvuta. Kugawa kwa hiari yake bado ni mbali.