Diski Nzima, Gemu Inagoma

Hapa Dodoma kifaa kikigoma, mshitakiwa wa kwanza ni vumbi. Nami nilianzia hapo, nikapoteza jioni nzima.

Shemeji yangu wa Area C aliniletea diski halali ya RollerCoaster Tycoon 2, gemu ya mwaka 2002, ikiwa bado kwenye boksi lake. Laptopu yake ni ya Windows 10 na haina mahali pa diski, hivyo alikuwa ameazima kisoma diski cha kuchomeka pembeni. "Shemeji, inasakinisha vizuri mpaka mwisho," akaniambia. "Ukiifungua, kishale kinazunguka kidogo, halafu kimya. Hata ujumbe wa kosa hakuna."

Nikafuta diski kwa kitambaa laini, nikapuliza lenzi, nikasakinisha upya mara mbili. Matokeo yaleyale. Ndipo nikajiuliza swali nililopaswa kuanza nalo: kama diski imechakaa, mbona mafaili yote yanaingia bila kulalamika? Nikafungua dirisha la amri kuulizia draiva ya ulinzi wa diski, nikaandika:

```
sc query secdrv
```

Jibu likaja na kosa namba 1060, yaani huduma hiyo haipo kwenye mfumo. Hapo diski na vumbi vikaachiwa huru.

Diski nyingi za gemu za miaka ile zililindwa kwa SafeDisc, ulinzi wa kuzuia diski isinakiliwe. Watengenezaji waliweka kwa makusudi sehemu zisizosomeka ndani ya diski, kwa sababu mashine ya kawaida ya kuchomea diski haikuweza kuziiga sawasawa. Programu kuu ya gemu nayo ilifungwa kwa usimbaji. Kila ukiifungua, draiva iitwayo `secdrv.sys` ilisaidia kuhakikisha kwamba diski ni ya kweli, na programu haikufunguka hadi ukaguzi upite. Kusakinisha hakupitii mlango huo, kucheza ndiko kunakopitia. Ndiyo maana shemeji alifika mpaka mwisho wa kusakinisha halafu akakwama.

Draiva hiyo hufanya kazi kwenye kiini cha mfumo, na ilikuwa na udhaifu wa kuiwezesha programu ya kawaida kujipatia mamlaka yote ya kompyuta. Microsoft waliziba tundu moja Desemba 2007. Septemba 2015 wakaizima kabisa kwenye Windows Vista, 7, 8 na 8.1, na Windows 10 haikuja nayo tangu mwanzo. Kwa hiyo kuweka alama ya "endesha kama Windows XP" hakusaidii, maana mpangilio ule hauleti draiva isiyokuwepo.

Shemeji tayari alikuwa amepata tovuti inayogawa `secdrv.sys`, yenye maelekezo ya kuzima ukaguzi wa saini za draiva. Nilimkatalia. Huko ni kuirudisha draiva yenye udhaifu unaojulikana, tena kutoka kwa mtu usiyemjua, kwenye laptopu anayofanyia miamala ya benki. Programu kuu "iliyovunjwa", yaani iliyoondolewa ukaguzi wa diski, nikaikataa pia.

Tulichofanya ni hiki. Kuna OpenRCT2, programu huria na ya bure iliyoandikwa upya kuchukua nafasi ya programu kuu ya gemu hii. Haiji na picha wala sauti za gemu, hizo lazima uwe nazo kihalali, na shemeji alikuwa nazo kwenye diski yake. Tuliacha gemu ikiwa imesakinishwa, tukaweka OpenRCT2, nayo ikauliza folda ya gemu ilipo. Tukaionyesha ile yenye folda ya `Data`, ambamo kuna faili la `g1.dat`. Ukichagua folda hiyo ya `Data` yenyewe itakataa, rudi hatua moja juu. Ikafunguka bila diski.

Bustani zake za zamani zenye mwisho wa `.sv6` zilifunguka pia. Ukizihifadhi humo zinakuwa `.park`, na gemu ya asili haiwezi kuzisoma, kwa hiyo tunza nakala za zamani.

Si kila gemu ina bahati hiyo. Kabla ya kuhangaika, tazama kama mwenye gemu anauza toleo jipya lisilo na ulinzi huo. Hii yenyewe inauzwa GOG na Steam. The Sims na The Sims 2 zilitolewa upya Januari 2025 kwa ajili ya Windows 10 na 11.

Kama una kompyuta ya zamani ya Windows 7, draiva imezimwa tu, haijaondolewa. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi:

```
sc config secdrv start= demand
sc start secdrv
```

Nafasi baada ya alama ya sawasawa ni lazima. Chomoa intaneti kwanza, na ukimaliza kucheza andika `sc stop secdrv`. Mashine hiyo iwe ya gemu tu.