Tairi Moja Limelika, Bili Imeandikwa Manne

Wiki iliyopita niliandikiwa na mwalimu mmoja wa Muheza. Ana Passo, na tairi la mbele kushoto limelika upande wa ndani mpaka linang'aa. Alishuka nalo Tanga mjini, akaingia kwenye duka la matairi, akatoka na karatasi: matairi manne mapya, balansi ya magurudumu manne, alaimenti ya mbele, alaimenti ya nyuma, na alaimenti nyingine ya kurudia "matairi yakishakaa". Akaniuliza, "Kaka, hivi kweli vyote hivi vinahitajika, au wameona mwanamke peke yake?"

Dada yangu, bili hiyo naijua. Mimi nina ndevu na bado niliandikiwa ndugu yake.

Gari yangu ni IST, na kazi zangu zinanipeleka Korogwe mara kwa mara. Baada ya masika ya mwaka juzi usukani ulianza kuvuta kushoto, na tairi la mbele upande huohuo likawa linalika kwa ndani. Nikaenda kwenye duka moja kubwa, lenye feni, televisheni na viti vya kungojea. Nilikuwa na shemeji yangu, tumetoka kwenye shughuli, tumevaa vizuri. Huenda kanzu ndiyo iliyotuponza.

Kijana wa pale hakuinama. Alilipiga teke tairi la mbele, akayatupia jicho ya nyuma akiwa wima, akasema, "Haya yote yamekwisha, mzee. Tubadilishe manne." Nikamwambia tuchuchumae pamoja. Ndani ya mifereji ya tairi, katikati ya kashata na kashata, kuna vijiinuko vidogo vya mpira vilivyokatiza mfereji. Ubavuni mwa tairi kuna herufi TWI au alama ya pembetatu inayokuonyesha vilipo. Vijiinuko hivyo vina kimo cha milimita 1.6. Kashata ikishuka ikawa sawa navyo, tairi limekwisha, hakuna mjadala. Tairi jipya la gari ndogo huwa na kina cha milimita 8 hivi. Matairi yangu ya nyuma yalikuwa hata nusu ya safari hayajamaliza. Kijana aliyaona kwa macho yake, akasema, "Ukiweka mawili tu gari itayumba."

Nikamuuliza habari ya alaimenti ya nyuma. Atafungua nati ipi? Akanijibu kwamba mashine ndiyo inayojua.

Hapo ndipo palipo na utamu wa jambo lenyewe, maana nimekulia gereji ya marehemu baba na hili silihadithiwi. Alaimenti si dawa inayomwagiwa gari. Ni kazi ya kugeuza nati mahali fulani ili gurudumu libadili mwelekeo. Kwenye gari ndogo kama IST, Vitz au Passo, kinachorekebishwa mbele ni mwelekeo wa magurudumu mawili, yaani yanatazama mbele sawasawa, au yamefumbana, au yameachana. Hilo hufanywa kwenye tairodi, vile vyuma viwili vinavyotoka kwenye stelingi kwenda kwenye magurudumu. Kila tairodi ina nati ya kufungia. Unailegeza, unazungusha chuma, unaikaza. Mlalo wa gurudumu, yaani kuinama kwake ndani au nje, kiwandani hakukuwekwa pa kuurekebisha kwa gari hizi.

Nyuma ndiyo kabisa. Magurudumu ya nyuma yameshikwa na boriti moja ya chuma iliyopita chini ya gari kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hakuna nati ya kugeuza. Mashine inaweza kuyapima, na kuyapima ni halali, kwa sababu ya mbele hupangwa kwa kuyafuata ya nyuma. Lakini kipimo cha nyuma kikitoka kibaya, maana yake boriti imepinda au bushi zimekufa, na hiyo ni kazi ya kubadilisha vifaa. Kwa hiyo mtu akikutoza "kurekebisha nyuma" kwenye gari ya namna hii, mwombe akuonyeshe alichogeuza. Gari nyingine, kama zile kubwa zenye mikono ya chuma inayojitegemea nyuma, zinarekebishika kweli. Ndiyo maana swali ni lilelile kwa gari yoyote: nati iko wapi?

Nilipouliza hayo, kijana aliacha kunijibu mimi, akamgeukia shemeji. "Mwambie mzee gari si baiskeli." Watu waliokuwa wakingoja wakacheka. Mpaka leo shemeji akitaka kunichokoza ananiita Baiskeli, na mimi nacheka naye, lakini ndugu zangu, liliniuma. Kuuliza bei ya kitu unachokilipia kumekuwa ushamba siku hizi.

Nikaondoka. Nikaenda Ngamiani kwa mzee mmoja ambaye hana televisheni wala feni, ana mwembe. Baada ya shikamoo hakuniuliza nataka nini. Aliuliza gari inafanyaje, tangu lini, na nimepita wapi. Kisha akapima upepo. Kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kwa gari za Japani, kimeandikwa kwa kipimo cha kPa. 220 ni sawa na 32 kwenye geji nyingi za kwetu. Tairi la kushoto lilikuwa limepungua, lakini si sana. Akajaza, tukazunguka mtaa, bado linavuta. Akahamisha matairi ya mbele, la kushoto likaenda kulia na la kulia likaja kushoto. Kama mvuto ungehamia kulia, mkosaji angekuwa tairi lenyewe, na alaimenti kumi zisingesaidia. (Matairi yenye mshale wa mwelekeo hayahamishwi hivyo.) Gari ikavuta kushoto vilevile.

Ndipo akapiga jeki. Akashika gurudumu kwa mikono miwili, kushoto na kulia, akalitikisa. Tk, tk. Akaniita nishike mwenyewe. Kisha akashika juu na chini, akatikisa: kimya. Mchezo wa kushoto na kulia huelekeza kwenye ncha ya tairodi au stelingi; wa juu na chini huelekeza kwenye beringi au boli jointi. Akamwambia kijana wake atikise tena huku yeye anaangalia chini, akaniwekea kidole changu pale pale kwenye ncha ya tairodi ya kushoto. Niliusikia mchezo kwa kidole.

"Mwanangu, hapa ukifanya alaimenti unapanga nyumba ambayo nguzo inacheza," akasema.

Na hili ndilo lile duka kubwa lilikuwa linaniuzia! Wangepanga vipimo, karatasi ingetoka nzuri, na kufika Hale kila kitu kingekuwa kimerudi kilipokuwa, kwa sababu ncha iliyolika haishikilii kipimo. Matairi mapya ya mbele yangeanza kulika siku ileile. Alaimenti kabla ya kutikisa magurudumu ni hela ya kuchoma. Fundi ambaye hajapiga jeki hajapata haki ya kukuandikia alaimenti.

Mzee akabadilisha ncha ya tairodi, kisha akaniambia maneno ambayo kwangu yalitosha kumwamini: "Mimi mashine sina. Sasa ndiyo uende kwenye alaimenti, tena ya mbele tu." Kabla sijaondoka nilichukua korekta ya mtoto, ile nyeupe ya kufutia wino, nikapiga mstari mmoja ukikatiza nati ya kufungia na chuma cha tairodi, pande zote mbili. Nikienda kwenye alaimenti, nati ikilegezwa na chuma kikizungushwa, mstari unakatika. Ukirudi mzima, hakuna kilichogeuzwa. Na hapo kuna majibu mawili tu: ama vipimo vilikuwa sawa tangu mwanzo, na karatasi ya kabla na baada itaonyesha namba zilezile, ama umelipia kuegesha gari juu ya mashine. Kwangu mistari ilikatika, na karatasi nilipewa bila kugombana. Ukiambiwa "karatasi imeisha", piga picha kioo cha mashine kabla hawajaanza na baada ya kumaliza. Wakikataa, gari ina gia ya rivasi.

Ile alaimenti ya pili, "matairi yakishakaa", usiilipie. Vipimo vinashikwa na vyuma. Mpira haukai wala hausimami kuvibadilisha. Gari ikiendelea kuvuta au usukani ukakaa upande baada ya kazi, kazi haikuisha, na anayerudia ni fundi kwa gharama yake. Kinachostahili kurudiwa ni kukaza nati za magurudumu baada ya kilomita 100 hivi, na hilo ni la dakika chache, halitozwi. Balansi ni jambo jingine: tairi likivuliwa na kuvishwa kwenye rimu linahitaji balansi, lakini hilohilo tu, si yote manne. Dalili ya balansi ni usukani kutetemeka ukishika kasi barabara kuu. Gari kuvuta upande si balansi.

Matairi nilinunua mawili, ya aina moja. Mapya nikayafunga nyuma, ya nyuma yaliyokuwa na kashata nzuri nikayaleta mbele. Wengi hupigania mapya yakae mbele kwa kuwa ndiko inakovuta injini. Lakini kwenye maji, mbele ikiteleza gari inakwenda moja kwa moja na dereva anaisikia kwenye usukani. Nyuma ikiteleza gari inageuka kabla hujajua.

Nisije nikaonekana nasema manne ni wizi siku zote. Gari inayosukumwa na magurudumu yote manne muda wote, kama Forester, haipendi matairi yaliyopishana kina. Tairi lililolika ni dogo kidogo, linazunguka mara nyingi zaidi, na tofauti hiyo inabebwa na mitambo iliyogawa nguvu kati ya mbele na nyuma mpaka inachemka. Kwa gari hizo tofauti ikizidi milimita 2 hivi, muuzaji anayekwambia manne anakwambia kweli. Lakini akwambie akiwa amepima kina, na aijue gari yako inasukumwa na wapi. Mwalimu, kama Passo yako inasukumwa na magurudumu ya mbele peke yake, hilo halikuhusu.

Na mawili hayo utakayonunua, usikubali kuonyeshwa jina na ung'aavu tu. Ubavuni, baada ya herufi DOT, tafuta tarakimu 4 za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa halijawahi kugusa lami na bado likawa limekaa stoo miaka mpaka mpira umeanza kukakamaa. Zisome likiwa bado sakafuni dukani. Mara nyingi tarehe imepigwa upande mmoja tu, na likishafungwa upande huo ukaelekea ndani, itakubidi ulale chini ya gari na tochi.