Bango la zilipendwa: namna ya kulizeesha bila kulichafua

Mteja wangu wa Magomeni aliniomba bango la A3 la usiku wa zilipendwa, akataka lionekane kama limetoka kwenye sanduku la babu. Toleo la kwanza lilinishinda. Nilichukua bango la kawaida, nikapunguza rangi zote kwa pamoja, nikalifunika kwa picha ya karatasi kuukuu, kisha nikamwaga vidoti kila mahali, mpaka juu ya maandishi. Likaonekana limemwagiwa chai, basi.

Nilichokosea ni kutojiuliza bango hilo lilizeekea wapi. Tazama picha za mitindo ya nywele kwenye vioo vya saluni za kiume hapa mjini. Zile zilizokaa juani miaka zimebaki za bluu, hata nyuso za watu. Katika wino wa kuprintia, njano na nyekundu kwa kawaida hupauka mapema kuliko bluu, kwa hiyo jua huacha bluu. Bango lililokunjwa ndani ya sanduku lina habari nyingine kabisa: jua halikulifikia, kwa hiyo wino bado una nguvu, ila karatasi yenyewe imegeuka rangi, hasa pembeni hewa inakopita, na kwenye mikunjo wino umebanduka. Ukichanganya hadithi hizi mbili, jicho linagundua uongo hata kama mwenye jicho hawezi kueleza kwa nini. Mimi nilichagua sanduku.

Nikaanza upya na karatasi. Tabaka la chini nililipa rangi `#EFE3C8`, nikatia kahawia kidogo pembeni, na wino wote nikauweka juu yake kwa `Multiply` ili karatasi ionekane kupitia rangi. Wino ulikuwa wa aina mbili tu: nyekundu ya matofali `#B5402E` na nyeusi iliyolegea `#2E2A26`. Nyeupe sikuitumia kabisa. Mabango ya aina ile hayakuwa na wino mweupe. Herufi nyeupe ndani ya boksi jekundu ilikuwa ni karatasi iliyoachwa wazi. Ukitaka kujua kama bango la kizamani ni la kubuni, tafuta nyeupe inayong'aa kuliko karatasi. Ukiiona, umeshalikamata.

Vidoti ni vya picha peke yake. Mashine ya uchapaji haikuweza kutoa kijivu, kwa hiyo picha ilivunjwa kuwa nukta kubwa penye giza na ndogo penye mwanga. Herufi hazikuhitaji hilo, zilipigwa wino mzima. Picha ya mpiga gitaa niliifungua kwenye faili lake peke yake ndani ya Photoshop, nikaigeuza `Grayscale`, kisha `Bitmap`, nikachagua `Halftone Screen` na kujaza hivi:

```
Output: 300
Frequency: 25
Angle: 45
Shape: Round
```

Kwa pikseli 300 kwa inchi, mistari 25 kwa inchi inakipa kila kidoti nafasi ya pikseli 12, yaani milimita moja hivi. Mtu anayepita kituo cha daladala anaona sura ya mpiga gitaa, na akisogea karibu anaona vidoti. Weka picha katika ukubwa wake wa mwisho kabla ya hatua hii. Mimi nilitengeneza vidoti kwenye A4 kisha nikavuta hadi A3, na kwenye karatasi ya majaribio yakatokea mawimbi yanayopita shavuni kama kitambaa cha neti kilichokunjwa. Chanzo ni vidoti vyenye kingo za kijivu kukutana na vidoti vya mashine ya kuprintia. Vikiwa na kingo kali, nyeusi na wazi tu, mawimbi hupungua sana.

Maneno nayo yana umri. Mteja alikuwa ameniandikia "Usikose, vaibu ni moto!" Nikamwambia, "Kaka, hii karatasi haijawahi kusikia neno vaibu." Tukakubaliana: DANSI LA ZILIPENDWA. KARIBUNI NYOTE. KIINGILIO SH. 10,000/=. Herufi nene, zimebanana, mistari imejaa upana wa bango. Kisha nikafuta wino kwa wembamba wa nywele kwenye mkunjo mmoja wa wima na mmoja wa mlalo, nikihakikisha haupiti juu ya saa wala bei.

Toleo la WhatsApp usilipate kwa kupunguza lile la A3. Kwa pikseli 300 kwa inchi, upana wa A3 ni pikseli 3508. Ukiushusha hadi 1080, kidoti cha pikseli 12 kinabaki chini ya 4 na picha inageuka ukungu wenye michirizi. Punguza kwanza picha ya mpiga gitaa ikiwa bado haina vidoti, ndipo uvitengeneze upya, kila kimoja kikiwa na pikseli 10 hivi.