Maswali na majibu: Barua kwa wakaguzi wa ndani kuhusu malipo yanayoidhinishwa usiku

Wakaguzi wa ndani wanataka niwaandikie barua ya kueleza udhibiti wa programu inayoidhinisha malipo yetu kila usiku. Rasimu ya kwanza wameirudisha, eti ni ya jumla mno. Nianzie wapi? (Afisa fedha, Chumbageni, Tanga)

Anza na mtu, programu ifuate. Programu haina mamlaka yake. Yupo mtu aliyekubali mapema kwamba ankara za aina fulani zilipwe bila kumsubiri asaini moja moja. Baada ya Kumb. Na. na Yah:, aya ya kwanza itaje cheo cha mtu huyo, hati aliyosaini, tarehe yake na kikomo cha fedha. Kama hati hiyo haipo, tatizo lenu kubwa mmeshalipata, na litajwe hivyo hivyo kwenye barua.

Kisha andika masharti kama yalivyo kwenye mfumo. Aya yenyewe inaweza kusomeka hivi:

"Kila siku saa 8:00 usiku programu hupitia ankara zilizofikia siku ya kulipwa. Ankara huidhinishwa ikiwa ina LPO na hati ya kupokelea mzigo, haizidi Sh 5,000,000, na bei yake haijapanda juu ya bei ya LPO kwa zaidi ya asilimia 2 wala kwa zaidi ya Sh 50,000. Ikikosa sharti hata moja, hubaki kwenye orodha ya kusubiri, na mhasibu mkuu huipitia asubuhi."

Hilo neno "wala" lina uzito. Kwa LPO ya Sh 4,000,000, asilimia 2 ni Sh 80,000, kwa hiyo kinachobana ni ile 50,000. Aliyeandika programu akiweka "au" mahali hapo, ongezeko la Sh 79,000 litapita na hakuna atakayeliona. Ndiyo maana viwango usivinakili kutoka kwenye mwongozo wa fedha. Fungua ukurasa wa mipangilio, uuchapishe, uuambatishe. Sentensi ya "udhibiti unafanya kazi ipasavyo" iondoe kabisa, maana hiyo ni hukumu ya wakaguzi na wewe ndiye unayekaguliwa.

Umeme ulikatika programu ikiwa katikati ya kazi. Kijana wa TEHAMA akaianzisha upya, na asubuhi faili la benki likawa na mistari mingi kuliko ankara. Tuliligundua kabla ya kulituma. Nalo niliandike? (Mhasibu, Pongwe)

Liandike, tena kwa tarakimu. Tuseme usiku huo kulikuwa na ankara 46 za jumla ya Sh 83,420,000. Programu ilikuwa imeshaidhinisha 31, za Sh 58,150,000, umeme ukakatika. Ilipoanzishwa upya ilianza na ankara ya kwanza, ikaidhinisha zote 46. Faili likabeba mistari 77 na Sh 141,570,000. Ukitoa 46 kwenye 77 unapata 31, na ziada ya fedha ni Sh 58,150,000 kamili. Ziada ikilingana hivyo na kazi iliyokuwa imefanyika kabla ya kukatika, chanzo kinajulikana: programu ilikuwa inaweka alama ya "imeidhinishwa" mwishoni mwa kazi nzima, badala ya kuiweka kwa kila ankara papo hapo inapoandika mstari wa malipo.

Dawa ni mbili. Kwanza, alama ya ankara na mstari wake wa malipo viandikwe pamoja, kimoja kikishindwa na kingine kifutike. Pili, hifadhidata yenyewe ikatae marudio, hata programu ikikosea:

```sql
CREATE UNIQUE INDEX uq_malipo
ON malipo (ankara_id, awamu);
```

Ila hiyo ina mpaka wake. Karani akiingiza ankara ile ile mara mbili, leo kwa namba "INV-0045" na kesho "INV 45", hifadhidata inaziona kama ankara mbili na zote zitapita. Hapo inabidi ulinganishe mzabuni, kiasi, na namba iliyoondolewa herufi, vistari, nafasi na sifuri za mwanzo.

Kilichowaokoa ni ulinganisho wa asubuhi, na huo ndio wa kueleza kwa kirefu. Idadi ya ankara zilizoingia lazima iwe sawa na zilizoidhinishwa ukijumlisha na zilizobaki kusubiri. Zilizoidhinishwa nazo zilingane na faili la benki, kwa idadi na kwa fedha. Andika nani analinganisha, saa ngapi, na karatasi yenye saini yake inawekwa wapi. Na usiku ambao programu haikuamka kabisa? Usipopokea taarifa, ihesabu siku hiyo kuwa ni hitilafu, usiichukulie kwamba hapakuwa na malipo.

Barua ya afisa fedha inasema kazi iliendeshwa tarehe 15 saa 8 usiku. Kumbukumbu za seva zinaonyesha tarehe 14, 23:00. Nimwamini nani? (Mkaguzi wa ndani, Bagamoyo)

Wote wawili. Seva yenu inatumia saa za UTC, na Tanzania iko mbele kwa saa 3 mwaka mzima. Saa 23:00 ya tarehe 14 huko ni 02:00 ya tarehe 15 hapa, yaani saa 8 usiku. Ratiba itaonekana hivi:

```
0 23 * * * /opt/malipo/idhinisha.sh
```

Angeandika `0 2`, kazi ingeanza saa 11 alfajiri. Mwombe afisa fedha ataje saa zote mbili kwenye barua. Mwisho wa mwezi angalia kwa makini zaidi: kazi ya usiku wa kuamkia tarehe 1 imo kwenye kumbukumbu za mwezi uliopita, na sampuli yako inaweza kuiruka.

Bosi wangu anauliza: aliyeandika programu hawezi kujilipa mwenyewe? (Mhasibu msaidizi, Ngamiani, Tanga)

Anaweza, kama anaruhusiwa kubadilisha programu inayotumika bila mtu wa pili. Barua ioneshe kwamba anaandika na kujaribu kwenye mfumo wa majaribio, mwingine anaipeleka kwenye mfumo halisi, na idara ya fedha imesaini kabla. Kila mabadiliko yakishapitishwa, chukua alama ya faili kwa `sha256sum idhinisha.sh` uihifadhi nje ya seva. Mkaguzi akirudia amri hiyo siku yoyote akapata alama tofauti, faili limeguswa. Msihifadhi alama ya faili hilo moja tu ikiwa linaita mafaili mengine; chukueni ya yote.

Lakini kwa maoni yangu bosi anaangalia mlango mdogo. Njia rahisi zaidi ni kubadilisha akaunti ya benki ya mzabuni halali: ankara ni ya kweli, mzigo umepokelewa, masharti yote yametimia, fedha zinakwenda kwingine. Kwa hiyo anayeingiza ankara asiweze kugusa akaunti za wazabuni. Mzabuni aliyebadilishiwa akaunti atoke kwenye kazi ya usiku kwa siku 3 za kazi, na apigiwe simu kwa namba iliyokuwepo zamani. Namba iliyoandikwa kwenye barua ya kuomba mabadiliko haifai, kwa sababu mwenye hila ndiye aliyeiandika.

Mzabuni wetu wa mawe ya chokaa analeta ankara tatu za Sh 4,800,000 kwa siku moja, na zote zinapita. (Msimamizi wa stoo, Amboni)

Kikomo chenu kinapima ankara moja moja. Programu ijumlishe ankara za mzabuni mmoja kwa siku 7, na jumla ikizidi Sh 5,000,000 zote zisubiri mtu. Zenu ni Sh 14,400,000. Mpaka programu irekebishwe, barua iseme wazi kwamba pengo hilo lipo na nani anapitia orodha ya mzabuni huyo kila asubuhi.